Leseni Ilitoka, Dai Likakataliwa: Kisa cha Injinia na Ghala la Hajji

Karatasi ilikuwa moja tu, imekunjwa mara mbili, ina muhuri wa bluu wa kampuni ya bima. Injinia aliikunjua juu ya meza yangu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, akaigonga kwa kidole.

"Ndugu, wewe ni mtu wa bima. Nisomee hapa. Imeandikwa milioni 200. Sasa mbona wananiambia hawalipi hata shilingi?"

Nikamwomba mkataba wenyewe, si cheti. Hakuwa nao. Uliletwa kwa barua pepe, kurasa ishirini na kitu, naye akachapisha ukurasa mmoja wa cheti kwa sababu ndio uliotakiwa na ofisi ya leseni. Tulipoufungua kwenye simu yake, jibu la swali lake lilikuwa ukurasa wa tatu, mstari mmoja mfupi ambao yeye hakuwahi kuuona, na ambao ofisi iliyompa leseni haikuwahi kuuliza.

Nitakieleza kisa hiki kwa urefu, kwa ruhusa yake. Nimebadilisha mambo ya kutosha ili asitambulike, wala Hajji, mteja wake, asitambulike.

Injinia ni mshauri wa kujitegemea. Ana chumba kimoja cha ofisi, kijana mmoja wa kuchora, na gari kuukuu. Baraza linalompa leseni humtaka kila mwaka aambatanishe na maombi yake uthibitisho kwamba ana bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ile bima inayomlipia mtaalamu pale mteja anapopata hasara kwa sababu ya kosa katika ushauri au michoro yake. Sharti lenyewe si geni. Sisi mabroka wa bima nasi hudaiwa bima hiyohiyo na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kabla ya kupewa leseni, kwa hiyo najua jinsi mtu anavyoikimbilia mwisho wa mwaka kama anayekimbilia basi la mwisho. Anauliza bei, analipa, anachukua cheti, basi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuuza vyeti namna hiyo, bila kumkalisha mtu chini tukaufungua mkataba.

Tangu Januari 2019 Injinia alikuwa na kampuni moja ya bima, akihuisha kila Januari mosi. Kikomo kilikuwa shilingi milioni 200 kwa mwaka mzima, gharama za mawakili zikiwa ndani yake, na katika kila dai yeye mwenyewe alipaswa kubeba asilimia 10. Miaka mitano hakudai kitu.

Juni 2021 Hajji, mfanyabiashara wa mahindi na maharage, alimpa kazi ya kubuni msingi na sakafu ya ghala. Kiwanja kiko chini ya Mlima Elgon, upande wa kuelekea Karamoja, kule ambako udongo ni mweusi na wa kunata. Anayeujua udongo ule anajua tabia yake: kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na mvua ikinyesha hufyonza maji, ukavimba na kusukuma juu chochote kilicho juu yake. Dawa ya kawaida ni kuuchimba na kuutoa, kisha kujaza maramu iliyoshindiliwa, na kuhakikisha maji hayafiki chini ya sakafu.

Katika rasimu yake ya kwanza Injinia aliandika watoe mita 1.2 za udongo. Hajji akalalamikia gharama ya malori ya maramu. Rasimu ya pili ikasema mita 0.6. Hakuna kipimo cha kuvimba kwa udongo kilichofanywa katikati ya rasimu hizo mbili. Kulikuwa na mashimo mawili tu ya majaribio, yote yamechimbwa Februari iliyotangulia, wakati wa ukame, udongo ukiwa mgumu kama tofali. Ada ya kazi ilikuwa milioni 18. Baada ya Hajji kuzuia kodi ya asilimia 6 kama sheria inavyotaka, Injinia alipokea milioni 16 na laki 9 na elfu 20. Ghala likakamilika Aprili 2022.

Novemba 2023, baada ya mvua nzito, Hajji alituma picha tatu kwa wasapu. Sakafu ilikuwa imeinuka kama mgongo wa ng'ombe kando ya ukuta wa mashariki, na ukuta wenyewe una ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali. Injinia akaenda kesho yake. Aliporudi nyumbani usiku alimwandikia Hajji ujumbe ambao baadaye ulikuja kuwa kielelezo cha kwanza cha wakili wa Hajji: "Pole sana Hajji. Ule udongo tulitakiwa tuuchimbe zaidi. Usijali, nitalibeba."

Kusema pole hakuna ubaya, na hapa kwetu mtu asiyesema pole huonekana hana utu. Tatizo ni maneno yaliyofuata. Karibu kila mkataba wa bima ya aina hii una sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni, kwa sababu kampuni ndiyo itakayolipa, nayo inataka kubaki na nafasi ya kujitetea. Injinia aliifunga mikono kampuni yake kabla haijajua kwamba kuna jambo.

Lakini hilo halikuwa kosa lililomgharimu zaidi. Kosa kubwa ni kwamba hakuiambia kampuni chochote.

Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Niiambie nini? Hajji hakuwa amenidai. Alituma picha tu." Tena aliogopa kwamba akitaja ufa, Januari wangempandishia bei.

Hapa ndipo mahali pa kusimama kidogo, kwa sababu watu wengi huielewa bima hii kwa mfano wa bima ya gari. Gari likigongwa Desemba, bima inayohusika ni ya Desemba, hata kama karatasi umezipeleka Februari. Kinachotazamwa ni siku ya tukio. Bima ya dhima ya kitaaluma haiendi hivyo. Inayohusika ni ile iliyo hai siku ambayo dai linakufikia, hata kama michoro uliichora miaka mitatu nyuma. Bima ya mwaka 2021, mwaka alioubuni msingi ule, haikuwa na kazi tena. Ilikwisha ilipokwisha.

Kwa hiyo kampuni hujiwekea mipaka miwili. Wa kwanza ni tarehe ya kurudi nyuma: kazi zilizofanywa kabla ya tarehe hiyo hazimo, hata dai likija leo. Mtu akikaa na kampuni moja bila kukatiza, tarehe hiyo hubaki palepale alipoanzia. Kwa Injinia ilikuwa Januari mosi 2019, na kila alipohuisha, kazi zake zote tangu hapo ziliendelea kufunikwa. Ni kama mkia unaorefuka mwaka hadi mwaka, na ndio mali halisi ya bima hii, kuliko hata hiyo milioni 200. Mpaka wa pili ni mambo uliyokwisha kuyajua kabla ya bima kuanza. Hakuna anayenunua bima ya nyumba moshi ukishaonekana paani.

Kwa kufidia ugumu huo, mikataba mingi huacha mlango mmoja wazi. Ukiona jambo linaloweza kuzaa dai, hata kama mteja hajadai kitu, unaruhusiwa kuitaarifu kampuni kwa maandishi bima ikiwa bado hai. Ukifanya hivyo, dai likija baadaye, hata baada ya miaka miwili, hurudishwa kwenye bima ile ya siku uliyotoa taarifa. Taarifa yenyewe haihitaji wakili. Unataja kazi gani uliifanya na lini, umeona nini, nani anaweza kudai, na makadirio ya hasara kama unayo. Unaambatanisha picha. Unaituma kwa anwani iliyoandikwa katika mkataba, na unadai risiti. Isiwe orodha ya jumla ya kazi zako zote "endapo kutatokea tatizo", maana hiyo hukataliwa. Lazima kuwe na jambo mahususi lililoonekana. Picha tatu za Hajji zilitosha kabisa, na Injinia alikuwa na zaidi ya mwezi mzima kabla ya Desemba 31.

Desemba ikapita. Januari kazi zilikuwa chache, na ada ya kuhuisha ilikuwa shilingi 1,900,000 kabla ya kodi. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni 342,000, inafika 2,242,000, ushuru mdogo mdogo mwingine ukiwa pembeni. Akasema atalipa mambo yakikaa sawa. Lakini bima hapa haingoji: bila malipo hakuna bima. Ilikufa usiku wa Desemba 31.

Mwanzoni mwa Machi akapata zabuni, leseni ikatakiwa, na leseni ilitaka cheti. Rafiki akamwelekeza kwenye kampuni nyingine iliyomtoza 1,100,000, na kodi ikafanya 1,298,000. Aliokoa shilingi 944,000. Fomu ya maombi ilikuwa na kurasa mbili. Swali la kumi na moja liliuliza kama anajua jambo lolote linaloweza kusababisha dai dhidi yake. Akaweka alama kwenye "Hapana". Hakuwa anadanganya kwa makusudi, ninamwamini. Alijaza fomu akiwa kwenye foleni ya benki, na akilini mwake ufa wa Hajji ulikuwa jambo la kati ya watu wawili wanaoheshimiana.

Bima mpya ilianza Machi 4, 2024. Na ule mstari wa ukurasa wa tatu, niliokuta kwenye simu yake, ulisema: tarehe ya kurudi nyuma, Machi 4, 2024.

Mkia wa miaka mitano ukawa umekatwa. Kazi zote alizozifanya tangu 2019 zilibaki uchi, zile nzuri na zile mbaya. Bei ile ya chini haikuwa ukarimu. Kampuni ilikuwa inabeba kazi zake za miezi michache ijayo tu, kwa hiyo ilitoza kidogo.

Karani wa leseni alipokea cheti, akatazama jina, tarehe za mwanzo na mwisho, kiasi na muhuri. Vyote vilikuwa sawa. Cheti hakikuwa na mahali pa kuandika tarehe ya kurudi nyuma, na wala hakuna aliyeona kwamba kati ya bima ya zamani na mpya kulikuwa na pengo la miezi miwili. Simlaumu karani. Alipewa orodha ya vitu vinne vya kukagua, akavikagua. Lakini ndivyo inavyotokea kwamba sharti lililowekwa ili kumlinda mteja likatimizwa kikamilifu na bima isiyoweza kumlipa mteja wa jana hata mmoja.

Agosti 2024 barua ya wakili ikafika. Hajji alidai milioni 140: kuvunja na kujenga upya sakafu na ukuta wa mashariki, kukodi ghala lingine msimu wa mavuno, na magunia ya mahindi yaliyooza kwa unyevu. Kwa kiasi hicho kesi isingekwenda kwa hakimu mkuu, ambaye mwisho wake wakati huo ulikuwa milioni 50, bali Mahakama Kuu.

Kampuni mpya ilijibu baada ya wiki tatu. Ilikataa kwa sababu mbili, kila moja ikitosha peke yake: kazi ilifanywa kabla ya tarehe ya kurudi nyuma, na mwenye bima alilijua jambo hilo tangu Novemba bila kulitaja kwenye fomu. Ujumbe wa wasapu uliambatanishwa. Kampuni ya zamani ilijibu kwa mistari mitatu kwamba bima yao ilikwisha Desemba 31 na hawakuwahi kupokea dai wala taarifa kabla ya siku hiyo. Injinia alitaka kulalamika kwa Mamlaka. Nikamwambia hiyo ni haki yake na dawati la malalamiko lipo, ila ajue anakwenda na nini mkononi. Mtu huenda kule akashinda pale ambapo maneno ya mkataba yana utata, au kampuni imechelewesha, au imejificha. Mstari wa ukurasa wa tatu haukuwa na utata. Akaacha.

Kesi haikufika hukumu. Mtaalamu wa udongo aliyeitwa na pande zote mbili alichimba mashimo mapya, safari hii mvua zikiwa zimenyesha, akapima kuvimba kwa udongo, akasema waziwazi kwamba mita 0.6 hazikutosha. Lakini aligundua pia kwamba Hajji, baada ya ghala kukamilika, alikuwa ameweka mifereji ya paa imwage maji chini kabisa ya ukuta wa mashariki, mahali hasa sakafu ilipoinuka. Michoro ilionyesha maji yapelekwe mbali. Hilo likapunguza dai, nao wakakubaliana milioni 86, kwa awamu nne. Mawakili na mtaalamu wakachukua milioni 14. Jumla milioni 100.

Nilikaa naye tukapiga hesabu ya upande wa pili, ingawa ilimuuma. Angeandika ile taarifa ya ukurasa mmoja Novemba 2023, dai lingerudi kwenye bima ya 2023. Asilimia 10 ya milioni 86, yaani milioni 8 na laki 6, ingekuwa juu yake. Milioni 91 na laki 4 zingelipwa na kampuni, na kikomo cha milioni 200 kingetosha hata mawakili wakiwemo. Ule ujumbe wa "nitalibeba" ungeleta mvutano, na sitasema kwamba kampuni isingeutumia kujaribu kupunguza malipo. Lakini kuvutana juu ya kiasi ni jambo tofauti na kukataliwa mlangoni.

Aliniuliza pia: je, angehuisha tu Januari bila kutoa taarifa Novemba, ingekuwaje? Ni swali zuri. Tarehe ya kurudi nyuma ingebaki 2019, kwa hiyo kikwazo cha kwanza kisingekuwepo. Cha pili, cha kujua na kunyamaza, kingebaki, maana hata fomu ya kuhuisha huuliza swali lilelile. Kampuni inayokufahamu miaka mitano wakati mwingine hulegeza. Wakati mwingine hailegezi. Mimi nisingemshauri mtu ategemee hilo.

Na kama ilibidi ahame kampuni kwa sababu ya bei? Watu huhama kila mwaka, si dhambi. Ila siku ya kuomba bei, la kwanza kuuliza liwe kama kampuni mpya itabeba tarehe ya zamani, na bima mpya ianze siku ileile ya zamani kwisha. Kampuni nyingi hukubali mtu akionyesha bima za miaka iliyopita bila pengo. Hutoza zaidi, na ile bei ya 1,100,000 isingekuwepo. Pengo la hata siku moja huwapa sababu ya kuanza upya.

Januari 2025 Injinia alirudi, safari hii na orodha ya kazi zake zote tangu 2019 kwenye daftari la shule. Zilikuwa 23. Alitaka kujua kama anaweza kununua tena mkia wake. Niliandikia kampuni tatu. Mbili hazikutaka kusikia. Ya tatu ilikubali kurudisha tarehe hadi Januari 2019, kwa ada karibu mara mbili ya ile aliyoikimbia, ikitoa nje ghala la Hajji na kazi zote zilizojengwa juu ya udongo mweusi.

Akachukua kalamu ya risasi akaanza kuzipitia moja moja, akiweka nukta pembeni ya zile za udongo mweusi. Zilikuwa saba. Nikamwambia aandike mbele ya kila moja tarehe aliyokabidhi michoro, kisha aongeze miaka sita, kwa kuwa kwa sheria ya Uganda madai ya mkataba kwa kawaida hufa baada ya muda huo, kasoro yale ya mtu kuumia mwili ambayo yana hesabu yake. Ya kwanza, shule moja upande wa Nakapiripirit, ilikuwa inatoka mwaka huohuo. Ya mwisho ilikuwa kituo cha mafuta alichokibuni Septemba 2023. Akaandika 2029, akaifunga daftari, akauliza mvua za mwaka huu zinatarajiwa kuanza lini.